Kisa, jicho la mwizi au ngano ya karabai: kuigeuza mada ya hadaa za mtandaoni iwe katuni

Mada yangu ya usalama wa mtandao ilikuwa ya dakika 40. Hapa Kigoma niliitoa Mwanga, nikaitoa Ujiji, na mara mbili nikaitoa Kibirizi kwa akina mama wanaoanika dagaa. Kila mara watu waliitikia kwa vichwa, wakanywa soda, wakaenda zao. Mwishowe kikundi kimoja cha Kibirizi kikaniomba niigeuze iwe katuni ya dakika moja na nusu, kitu ambacho mtu anaweza kumrushia mwenzake kwenye simu. Nikaishia na skripti tatu mezani. Zote zinahusu wizi ule ule, ila kila moja ina umbo lake, na kwa wiki mbili sikujua nimpelekee mchoraji ipi. Haya ndiyo niliyoyapima.

Kabla ya umbo, kata mada. Skripti yangu ya kwanza kabisa, ambayo haimo kwenye hizi tatu, ilijaribu kubeba mambo tisa: linki, nywila, laini za simu, picha za utupu, mikopo ya mtandaoni na mengine. Niliwasomea watu watano. Wote walikumbuka utani wa mlevi na simu ya tochi, hakuna aliyekumbuka kingine. Sauti ya msimulizi wa Kiswahili asiyekimbia haifiki mbali: kwa sekunde 90 mimi natosheka na maneno 150 hivi, na bado nahitaji nafasi za kimya. Ni wizi mmoja tu unaoenea humo.

Uchaguzi wa wizi nao una mtego wake. Hapa kwetu ukitaja utapeli wa simu, kila mtu anaruka kwenye ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Huo ni utapeli kweli, lakini mwizi anataka pesa moja kwa moja. Hadaa ya kuvua taarifa ni jambo jingine. Mwizi hataki hela yako leo, anataka ufunguo: nywila, namba ya siri, au zile tarakimu sita zinazokuja kwa meseji. Akishaupata, anaingia mwenyewe. Ukichanganya hayo mawili kwenye katuni moja, mtazamaji anabaki na somo la "usitume hela", wakati mlango uliofunguka ni mwingine.

Wizi niliouchagua

Nilichukua wa kuiba akaunti ya WhatsApp, kwa sababu biashara ya dagaa ya Kigoma siku hizi inakaa humo. Mteja wa Dar anaona picha ya mzigo, anakubali bei, anatuma hela, gunia linapandishwa.

Mhusika ni Mama Shukuru. Asubuhi yuko kwenye kichanja anageuza dagaa, mikono imejaa magamba. Simu inalia mara mbili. Meseji ya kwanza ina tarakimu sita. Ya pili imetoka kwa mwenyekiti wa kikundi chake, mtu anayemfahamu miaka, na picha yake ya kanzu ipo pale pale:

"Mama Shukuru, habari za asubuhi. Naandikisha wanakikundi, namba sita zimeangukia kwako kimakosa. Nitumie mama, muda unaisha."

Mama Shukuru anafuta kidole kwenye kanga, anazituma. Dakika chache baadaye WhatsApp yake imefunguka upande wa pili, na wateja wake wa Dar wanapokea ujumbe kutoka kwake: laini ina shida, hela ya gunia mbili tumeni kwenye namba hii.

Kilichotokea ni hiki. Mwizi aliweka WhatsApp kwenye simu yake, ilipoulizwa namba akaandika ya Mama Shukuru. WhatsApp wenyewe wakatuma tarakimu sita kwa mwenye namba, kuhakiki kwamba ni yeye. Kwa hiyo zile tarakimu zilikuwa za kweli, zimetoka kunakohusika, na hazikupotea njia. Kikundi nacho kilikuwa kinaandikisha watu kweli. Akaunti ya mwenyekiti nayo ilikuwa ya kweli, ila ilishaibiwa jana yake kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana ile nasaha ya "usiongee na usiowajua" haimsaidii Mama Shukuru hata kidogo.

Meseji yenyewe huwa na onyo kwamba usimpe mtu. Lakini simu nyingi hapa zimewekwa Kiingereza, na macho yanaruka moja kwa moja kwenye tarakimu.

Nilipima kwa maswali manne

La kwanza, na kwangu ndilo zito kuliko yote: je, mtazamaji anaiona ile sekunde ya uamuzi? Namaanisha pale kidole kilipo juu ya kitufe cha kutuma, tarakimu ziko wazi, na bado kuna nafasi ya kuacha. Katuni nyingi za mambo haya zinairuka. Zinaonyesha mtu anasoma simu, halafu analia.

La pili, akimaliza kutazama, anajua afanye nini kwa mikono yake? La tatu, nani anaaibika? Aliyeibiwa akionekana mjinga, walioibiwa watanyamaza, na mwizi anapenda sana watu wanyamaze. La nne ni kazi ya kuchora. Hata ukichora michoro 12 tu kwa sekunde, sekunde 90 ni michoro 1,080, na mchoraji wangu ni mmoja, anafanya kazi jioni, na umeme anaujua mwenyewe.

Umbo la kwanza: kisa cha aliyepigwa

Tunakaa na Mama Shukuru mwanzo hadi mwisho, tunaona anachokiona yeye tu.

Kwenye sekunde ya uamuzi umbo hili lina nguvu kuliko mengine, ukiipa muda. Nilipoandika mara ya kwanza niliipa sekunde mbili. Tulipoweka michoro tuli na sauti tukaitazama kwenye simu ya kawaida, hakuna aliyewahi kusoma. Sasa ni sekunde tisa: nne za kusoma ujumbe wa mwenyekiti, mbili za tarakimu sita peke yake, tatu za kidole kikisita bila muziki. Maneno kwenye kioo lazima yawe makubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu unachora simu ndani ya simu. Kata ujumbe uliochorwa hadi mistari mitatu. Ikizidi, msimulizi ausome.

Kwa swali la pili, kisa kinaweza kukwama kwenye huzuni. Niliokoa kwa kurudisha onyesho: baada ya hasara, tunarudi kwenye kidole kile kile, safari hii Mama Shukuru anabonyeza kupiga simu.

"Mwenyekiti, umeniomba namba?"

"Namba gani tena mama? Mimi tangu jana WhatsApp imenifukuza."

Hapo kuna jambo la kuangalia sana. Mchoraji alichora anampigia mwenyekiti kwa kitufe cha simu cha WhatsApp. Tukalazimika kufuta. Akaunti hiyo iko kwa mwizi, ukipiga humo unampigia yeye. Lazima ionekane anatoka, anapiga simu ya kawaida, kwa namba.

Aibu ndiyo hatari ya umbo hili. Dawa yake ni kumfanya Mama Shukuru awe mtu makini. Mwanzoni anahesabu gunia, anamkatalia mteja anayetaka kukopa, anaijua biashara yake. Akipigwa, mtazamaji anasema "hata mimi ningetuma". Ukimchora anatafuna na kucheka ovyo, umempoteza.

Kuchora ni kazi ya wastani. Kichanja, mkono, kioo cha simu, nyuso mbili. Maonyesho ya kioo hayana mwendo mwingi, na hayo ndiyo marefu.

Linafaa wafanyabiashara, akina mama wa vikoba, yeyote anayeshika simu yake mwenyewe na kusoma meseji zake.

Umbo la pili: kwa jicho la mwizi

Hapa tunaanzia upande wa pili. Mikono ya mtu inaandika namba ya Mama Shukuru kwenye simu mpya. Kioo kinasema tarakimu zimetumwa. Kamera inazifuata zikivuka mji hadi kwenye kichanja.

Sekunde ya uamuzi inaonekana, lakini kwa mbali. Tunamwona mwizi akisubiri. Tarakimu zikija anaziandika, mlango unafunguka. Ninachokipenda ni kwamba umbo hili ndilo pekee linaloeleza *kwa nini*. Mtu akishaona kwamba tarakimu zimekuja kwa sababu kuna mtu mwingine, saa hiyo hiyo, ameandika namba yake, hahitaji tena orodha ya maonyo. Kesho mwizi akibadilisha hadithi, akasema ni kura ya shindano la mtoto au zawadi ya sikukuu, mtazamaji huyu bado atamkamata. Aliyetazama kisa cha Mama Shukuru peke yake anaweza kumwogopa mwenyekiti tu.

Swali la pili nalo linajibika vizuri, kwa sababu unaweza kuonyesha mlango ukigoma. Mwizi anaandika tarakimu sita, halafu kioo kinamwomba namba nyingine ambayo Mama Shukuru aliiweka mwenyewe zamani kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili. Hana. Anatupa simu kitandani. Ila angalia maneno yako: namba hiyo nayo ni ya tarakimu sita. Watu wawili kati ya niliowaonyesha walidhani ni zile zile. Nikaandika "namba zinazokuja" kwa zile za meseji, na "namba yako uliyoiweka" kwa ile nyingine, nikashikilia hivyo hadi mwisho.

Aibu inamhama aliyeibiwa, na hilo ni zuri. Lakini inaweza kuhamia pabaya. Kigoma ni mkoa wa mpakani, tuna wageni kutoka ng'ambo ya ziwa na wakimbizi kule Nyarugusu. Ukimpa mwizi lafudhi ya watu fulani, utakuwa umetengeneza kitu kibaya kuliko wizi uliokusudia kuuzuia. Mwizi wangu ni mikono miwili na sauti ya kawaida, hana sura. Pia usimfanye shujaa. Nimemwandika kama mtu aliyechoka, anatuma ujumbe ule ule kwa watu wengi, anapiga miayo.

Wengine wataniuliza kama hatufundishi wizi. Kuonyesha kwamba tarakimu zinafungua akaunti hakumfundishi mwizi kitu, anakijua. Lakini nimekata kila kitu kuhusu anakopata laini na anavyotoa pesa, kwa sababu hayo hayamsaidii mtazamaji kujikinga.

Kuchora ni rahisi kuliko kote: mikono, vioo viwili, ramani ya mji. Mchoraji alifurahi.

Linafaa wahasibu wa vikundi, walimu, wanafunzi wa sekondari, watu wa ofisini, na wale ambao wameshasikia maonyo mengi wakayachoka.

Umbo la tatu: ngano ya dagaa na karabai

Hili ndilo nililipenda zaidi, nalo ndilo lililonitia adabu.

Wazo lilikuja lenyewe. Kwetu dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga. Taa inawashwa, dagaa wanakusanyika chini yake, wavu unainuliwa. Na hadaa hii yenyewe ni kuvua. Nikaandika dagaa mdogo anayeona nuru, anaitwa kwa jina lake, anaogelea kuelekea huko.

Nikamwonyesha mzee mmoja wa Katonga, mvuvi, michoro ikiwa tayari nusu. Alitazama kimya, kisha akasema, "Mwanangu, huu mwezi umeuchora mkubwa hivi wa nini?" Mchoraji alikuwa ameweka mbalamwezi juu ya ziwa kwa sababu inapendeza. Usiku wa mbalamwezi karabai haifai kitu, dagaa wanatawanyika, wavuvi wanakaa nyumbani. Pale Kibirizi kila mtazamaji angecheka mahali ambapo sikutaka acheke. Halafu akaongeza jambo zito zaidi: "Na hiyo taa ndiyo imenisomeshea watoto. Leo mimi ndiye mwizi?"

Sikuwa na jibu. Kwa maswali yangu manne, ngano inatoka hivi. Sekunde ya uamuzi haionekani, kwa sababu dagaa haamui, anafuata mwanga tu. Mtazamaji anaelewa kuwa kuna mtego, ila hajui taa hiyo iko wapi kwenye simu yake. Nililazimika kuongeza sekunde 15 za mwisho ambapo dagaa anageuka kuwa mkono ulioshika simu yenye tarakimu sita, na hata hapo daraja ni jembamba. Kuhusu aibu, kumwita aliyeibiwa dagaa si heshima, na kumwita mvuvi mwizi ndiyo kabisa. Tulibadilisha mvuvi akawa kivuli kisicho na mtumbwi, taa inaelea yenyewe. Kuchora ni kazi kubwa: maji, kundi la samaki, mwanga unaotikisika.

Pamoja na hayo sikuitupa. Ngano haihitaji kusoma. Watoto wanaitazama mara kumi. Bibi asiye na simu ya kupangusa anaielewa, na akisikia mjukuu anaombwa "namba sita" na mtu kwenye simu, anaweza kusema kitu. Ukiionyesha uwanjani jioni kwenye kitambaa cheupe, ambapo maandishi ya simu hayasomeki kwa walio nyuma, ndiyo pekee inayofika. Inafaa pia kutangulia mazungumzo, mradi kuna mtu hai wa kuimalizia.

Kitu ambacho maumbo yote yanakihitaji

Sekunde kumi za mwisho ni za aliyekwishatuma. Wapo kila mahali, na wengi hukaa wanangoja. Aisakinishe upya WhatsApp, aandike namba yake, aombe tarakimu mpya. Akiziingiza, mwizi anatolewa nje hapo hapo. Kama mwizi alishaweka namba yake ya hatua mbili, mwenye akaunti atasubiri siku 7 kabla ya kuingia, lakini mwizi naye hayumo. Wakati huo huo awapigie wateja na ndugu kwa simu ya kawaida, kabla hawajatuma hela. Namba ambayo wateja waliambiwa watume pesa iripotiwe TCRA kwa 15040. Kwenye katuni hii nimeacha hatua mbili tu kwa sauti, kuomba tarakimu mpya na kuwapigia wateja, na 15040 imeandikwa chini. Tatu zilizidi.

Basi uchague lipi

Kama watu wako wanafanana, wana kazi moja na mahali pamoja, na unawajua vya kutosha kuandika asubuhi yao bila kubahatisha, anza na kisa. Bila kuijua asubuhi yao, kisa kitanukia ofisini na watakijua tangu sekunde ya tano.

Kama wamechanganyika, au wizi wa eneo lako unabadilisha sura kila mwezi, jicho la mwizi litadumu zaidi. Hali kadhalika kama mchoraji ni mmoja na fedha ni kidogo.

Kama utaonyesha hadharani, au wengi hawasomi meseji zao wenyewe, tumia ngano, na mvuvi mwonyeshe mchoro kabla ya mtu mwingine yeyote. Kama uko Tabora, usibebe dagaa wangu, mzinga wa nyuki na moshi vitakuambia vingine, na warina asali watakusahihisha nao.

Na kama una sekunde 90 mbili, si moja, ninavyofanya sasa ni kurusha kisa Jumatatu na jicho la mwizi Alhamisi, kichanja kile kile, tarakimu zile zile. Ya pili ikianza na mikono ikiandika namba ya Mama Shukuru, akina mama wa Kibirizi huwa wanapiga kelele kabla msimulizi hajafungua mdomo.